Kilomita 40 za Bure Kutoka Juu ya Mlima, na Bado!

Jamani, jamani! Nimetoka garini sasa hivi hapa Bergen, mvua inanyesha vile inavyonyesha Bergen, na mimi sijali hata kidogo, kwa sababu lazima nikuhadithie haya kabla hayajapoa. Tumetoka Oslo asubuhi kwa gari la umeme, tumekata kilomita kama 470, tumepanda mlima wa kutisha na kuushuka, na muda wote huo simu ilikuwa imeshatuambia mapema tutafika wapi na asilimia ngapi ya betri. Mapema, rafiki yangu! Kabla hatujafunga mikanda!

Programu yenyewe inaitwa A Better Routeplanner, watu wa magari ya umeme wanaiita ABRP tu. Ilizaliwa Sweden, na mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya magari ya Rivian, lakini inakubali magari ya kila aina. Dada yangu na shemeji wanaishi Oslo, na Norway ndiyo nchi ya mambo haya: mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa huku yalikuwa ya umeme. Shemeji anaendesha kila siku bila hata kufikiria. Mimi mgeni nikamwomba kitu kimoja tu: niachie mimi nipange safari ya Bergen. Akacheka, akanipa simu. Lo! Usiku ule sikulala.

Unalichagua gari lako kwenye orodha, unaandika Oslo, unaandika Bergen, unabonyeza, na papo hapo ramani inajaa uhai. Mstari unachorwa, vituo vya kuchaji vinachomoza, na kila kituo kina namba mbili tamu kweli kweli: utaingia na asilimia ngapi, utatoka na asilimia ngapi. Haikuambii tu “gari hili linakwenda kilomita kadhaa” kama tangazo la dukani. Inaichukua barabara yako kipande kwa kipande, inaangalia mwendo unaoruhusiwa, inaangalia wapi inapanda na wapi inashuka, inakupigia hesabu ya umeme utakaoliwa pale. Hesabu hiyo inaanzia kwenye namba moja inayoitwa `Reference consumption`, yaani gari lako linakula kiasi gani likiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Programu inakuwekea namba ya kawaida ya gari la aina yako, na wewe unaweza kuirekebisha kufuatana na gari lako linavyokula kweli. Kitu kidogo mno, lakini utamu wote unaanzia hapo.

Gari la shemeji si kubwa wala si la fahari. Ni gari la familia, betri ya kilowati-saa 64, na tukishaingia watu watatu na mizigo linafika tani 1.9 hivi. Tuliondoka na asilimia 90. Njia niliyoichagua ni barabara namba 7, ile inayopita bonde la Hallingdal, inapita miji ya Gol na Geilo, halafu inapanda Hardangervidda, uwanda mpana wa juu kabisa usio na mti hata mmoja, hadi mita 1,250 hivi juu ya bahari, kisha inaporomoka hadi Eidfjord, ufukweni kabisa. Yaani unatoka kwenye baridi ya mawingu unashuka hadi maji ya chumvi ndani ya kilomita 45! Ningechaguaje njia nyingine?

Sasa sikiliza, hapa ndipo niliporuka kitandani.

Mara ya kwanza nilipobonyeza, nikiacha kila kitu kama kilivyokuwa, ikaniambia: nenda moja kwa moja mpaka Geilo, kilomita 235, utafika na asilimia 22, chaji hapo. Safi sana, nikafurahi. Halafu nikaingia kwenye hali ya hewa. Nikaweka kwa mkono wangu nyuzi 3 za joto, nikaweka upepo wa mbele, nikaweka barabara yenye mvua, kwa sababu ndivyo utabiri ulivyosema. Nikabonyeza tena. Ile 22 ikawa 13! Papo hapo! Mji uleule, barabara ileile, gari lilelile, na asilimia 9 zimeliwa na baridi, mvua na upepo kabla hata hatujatoka nyumbani. Kwenye gari la umeme hita inakula betri ileile inayoendesha magurudumu, hewa ya baridi ni nzito zaidi kuisukuma, na maji barabarani yanayashika matairi. Nilikuwa nayajua haya kwa kusoma, lakini kuyaona yakigeuka namba mbele ya macho yangu, wallahi ni raha ya aina yake.

Na bado!

Kwenye mipangilio kuna sehemu mbili ambazo nakusihi, nakusihi kabisa, uzifungue kabla ya kitu kingine chochote: `Charger arrival SoC` na `Destination arrival SoC`. SoC ni asilimia ya chaji iliyobaki. Ya kwanza inauliza: hutaki kufika kwenye kituo chochote ukiwa chini ya asilimia ngapi? Ya pili inauliza hivyohivyo kuhusu mwisho wa safari. Hiyo ndiyo akiba yako. Mimi niliikuta kwenye 10. Na kwa 10, kufika Geilo na 13 ni sawa tu, programu haina neno.

Lakini nikamuuliza shemeji, nikiwa nimekaa kitandani na simu usoni, “Shemeji, tukifika Geilo tukakuta chaja haifanyi kazi?”

Akajibu kutoka chumba cha pili, na jibu lake ndilo lililofungua kila kitu: “Usiniulize kuhusu Geilo. Niulize baada ya Geilo kuna nini.”

Baada ya Geilo kuna mlima! Kutoka Geilo kuvuka uwanda hadi Eidfjord ni kilomita 90 hivi, na programu ilisema kipande hicho peke yake kitakula asilimia 19. Umefika na 13, huwezi kuvuka. Inabidi uhangaike na foleni pale pale mjini au urudi nyuma ulikotoka. Unaona utamu wake? Akiba siyo namba ya kutuliza moyo tu, eti 10 inatosha, 15 ni ya watu waoga. Akiba inatakiwa ilingane na gharama ya kukifikia kituo kinachofuata endapo hiki umekikuta kimelala. Pengine kinachofuata kiko ng'ambo ya barabara, na 10 inakutosha kabisa, hata nyingi. Pengine kiko nyuma ya mlima, na 10 haikufikishi popote.

Basi nikaibadilisha. Kutoka 10 nikaweka 20. Nikabonyeza, na jamani, safari nzima ikasogea! Nilidhani itaongeza tu chaji kidogo hapa na pale. Wapi! Geilo ikafutika kabisa kwenye orodha. Kituo cha kwanza kikarudi nyuma kilomita 50 hadi Gol, tufike na 34, tuchaji mpaka 80, halafu tuvuke mlima wote bila kusimama hadi mji wa Voss, tuingie Voss na 23, tuongeze kidogo, tufike Bergen na 24. Namba moja tu nimeigusa na safari imejipanga upya kuanzia mwanzo hadi mwisho! Nikaigeuza tena 10, Geilo ikarudi. Nikaweka 20, Gol ikarudi. Nimecheza nayo hivyo mpaka dada akaja kunizimia taa.

Na Gol ni mahali pazuri ajabu kwa jambo hili, kwa sababu ni njia panda ya madereva wengi wanaokwenda milimani, na vituo vya kuchaji viko kadhaa, karibu karibu, vya kampuni tofauti. Ukikwama hapa unahamia pale. Na ndivyo ilivyokuwa! Tulifika na 35, moja zaidi ya ahadi, nikapiga kelele garini kama vile timu yangu imefunga goli. Chaja ya kwanza tukaichomeka, ikafikiria, ikafikiria, ikagoma. Tukaichomoa, tukajaribu tena, ikagoma tena. Shemeji hakubadilika hata sura. Akawasha gari, tukavuka barabara, tukachomeka kwa jirani, na umeme ukaanza kumiminika na ule mlio mdogo wa kupendeza wa feni chini ya boneti. Dakika mbili, tatu tu zimepotea. Hebu fikiria jambo hilohilo likitukuta na asilimia 13 na mlima mbele!

Nilitaka tujaze mpaka 100, nani hapendi kuona betri imejaa? Programu ikakataa, ikasema 80 inatosha, na nilipoitazama skrini ya chaja nikaelewa kwa macho. Betri ikiwa nusu tupu inapokea umeme kwa pupa, namba zinakimbia, unazifuata kwa furaha. Ikikaribia 80 inaanza kuubana umeme ili isijiumize, na zile asilimia 20 za mwisho zinakuja kwa kudondoka, moja, moja, moja. Kwa hiyo kusimama mara mbili kwa muda mfupi kunakufikisha haraka kuliko kusimama mara moja ukangojea ijae. Sisi tulikaa Gol kama dakika 40, kahawa moja na mkate wa mdalasini mtamu mno, wa moto, unanukia kiasi kwamba mpaka sasa vidole vyangu vinanukia mdalasini. Tukaondoka.

Halafu tukapanda. Ooh, tukapanda! Miti ikapungua, ikawa mifupi, ikaisha. Uwanda ukafunguka pande zote, mawe, maziwa ya kijivu, theluji ya kwanza imekaa kwenye mashimo, upepo unaligonga gari ubavuni, na ndani kimya, kimya cha ajabu, hakuna injini inayolia kwa kupanda. Lakini betri! Betri ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu kuliko nilivyozoea bondeni. Moyo ungeweza kunipasuka kama nisingekuwa nimeshauona mchoro wa betri ya njia nzima kwenye programu. Hesabu yake ni rahisi kuishika: kuliinua gari la tani 1.9 kwa kila mita 100 kwenda juu kunahitaji nusu kilowati-saa, na ukiongeza kinachopotea njiani, kwa betri yetu ni karibu asilimia 1 nzima. Mita 100, asilimia 1. Hiyo ni juu ya ile ambayo gari lingeila hata kwenye tambarare. Kutoka Gol hadi kileleni ni zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo asilimia 10 na kitu zimekwenda juu mlimani pamoja nasi.

(Nikapiga hesabu hiyohiyo ya Mombasa na Nairobi palepale garini! Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Gari hili likitoka Mombasa lingekula asilimia 17 hivi kwa ajili ya kimo peke yake, kabla ya kuhesabu barabara ndefu yenyewe. Na kurudi pwani ni habari nyingine kabisa. Ndugu zangu wa Kenya mnaopanga kwa umeme, msije mkaichukua namba ya kushuka mkaitumia kupandia!)

Juu, pale Dyranut, tulikuwa na 39. Programu ilikuwa imesema 40. Nje kulikuwa na vizuizi vya barabara vimeinuliwa juu, vinangoja majira yao ya baridi kali. Shemeji akaniambia tufani ikija vinashushwa, magari yanapangwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji, na unaweza kungojea hapo ndani ya gari muda mrefu, hita imewashwa. Nikaipiga hesabu hiyo pia, ningeiachaje? Ukisimama, hita inakula kama kilowati 2. Masaa mawili ya kungojea ni kilowati-saa 4, asilimia 6 za betri yetu. Kumbe akiba ina kazi ya pili! Siku ya tufani ningeweka 25 au 30, bila kusita, au ningeuacha mlima huu na kufuata njia ya chini zaidi yenye mahandaki.

Halafu ndiyo ikaja ile sehemu ambayo sitaisahau milele.

Tukaanza kushuka. Mguu umetoka kwenye kanyagio, gari linajizuia lenyewe polepole, na zile nguvu za kujizuia zinarudi ndani ya betri badala ya kuteketea kwenye breki. Tuliposhuka sehemu ya kwanza, ya mteremko wa taratibu, betri ilipungua kidogo tu, ikafika 37 kwenye maporomoko ya Vøringsfossen, ambayo yananguruma na kurusha ukungu mpaka unausikia usoni ukifungua dirisha. Kisha barabara ikapinda ndani ya bonde la Måbø, handaki, kona, handaki, gari linainama, masikio yanaziba, na mimi macho yangu yako kwenye namba. 37. 37. 37. Thelathini na nane! Nikapiga kofi dashibodi. Tena kimya, tena kona, tena handaki la kuzunguka, halafu 39! Tumefika Eidfjord, usawa wa bahari, na asilimia ileile tuliyokuwa nayo kileleni. Zaidi ya kilomita 40 za safari na betri imerudi palepale! Bure! Na mchoro wa programu ulikuwa umeuonyesha ule mkunjo mdogo wa kupanda tangu usiku wa jana, nilikuwa nimeuona na sikuuamini.

Ila jambo hili lina masharti yake, na nakwambia kwa sababu nataka nawe ulipate. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea. Ukijaza mpaka 100 juu mlimani kisha ukateremka, umeme wa mteremko hauna pa kwenda, na breki za kawaida zinafanya kazi yote. Betri yenye baridi kali nayo inapokea kwa kusitasita. Kwa hiyo ukiona programu inakupa kituo cha chini ya mlima badala ya cha juu, usibishane nayo.

Na bado! Baada ya Eidfjord barabara inaingia kwenye mwamba, na ndani ya mwamba, gizani, unakuta mzunguko wa barabara! Ndani ya mlima! Unazunguka, unatoka nje ghafla, na uko hewani juu ya daraja la Hardanger, lililofunguliwa 2013, mita 1,380 za kuelea juu ya maji ya kijani kibichi, kisha unaingia tena kwenye mwamba wa upande wa pili na kuna mzunguko mwingine, huu una mwanga wa buluu, buluu tupu ukutani na darini. Nilinyamaza. Mimi!

Voss tuliingia na 22, programu ilisema 23. Dakika 20 tu za kuchaji, hata chai haijapoa, tukatoka na 52. Kilomita 100 za mwisho nilikuwa nimetulia tuli, sina hata haja ya kuangalia namba, na ndiyo maana nimeziona zile nyumba nyeupe kando ya maji na kondoo wamelowa. Bergen tumeingia na 25. Ilisema 24!

Sasa nimekaa hapa hotelini na simu mkononi, napanga kurudi, na nimeshapata kitu kipya. Kwenda, kutoka Geilo hadi Eidfjord, tulihesabiwa asilimia 19. Nimeigeuza njia, hali ya hewa ileile, na kutoka Eidfjord hadi Geilo inadai 35! Karibu mara mbili, barabara ileile! Kwa akiba yangu ya 20 haikubali nitoke Eidfjord nikiwa chini ya 55, na imeniwekea kituo chini kabisa ufukweni, kabla ya kona ya kwanza ya kupanda. Shemeji ananiita tukale supu ya samaki na mimi namwambia dakika moja, dakika moja tu, ngoja nibadilishe upepo nione kituo kitahamia wapi.